Barua kwa mkufunzi msaidizi, kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo

Mwaka wa kwanza chuoni, hapa Dodoma, nilipata sifuri kwa sababu ya namba 520.

Asaimenti ilikuwa ndogo. Tulitakiwa kuandika programu kwa lugha ya C isome bei za mahindi kwa kilo, itoe wastani, kisha iorodheshe bei zilizo juu ya wastani huo. Jioni moja mimi na mwenzangu wa chumba tulikaa kitandani hosteli, tukageuza boksi la kadibodi likawa ubao, tukafanya diskasheni kama tunavyofanya kwa kozi zote. Tukaandika hatua kwa maneno: anza na 0, nenda mpaka n, jumlisha, halafu gawanya kwa idadi. Mwenzangu akasema kwa kuwa tunaanza kuhesabu na 0, idadi ni n + 1. Nikaona ni kweli. Tukakunja boksi, kila mmoja akaenda kwenye kompyuta yake, na usiku ule kila mmoja akaandika programu yake kwa vidole vyake, bila kuangalia ya mwenzake.

Kipande cha katikati kwenye programu yangu kilikuwa hivi:

```c
for (i = 0; i <= n; i++)
    jumla = jumla + bei[i];
wastani = jumla / (n + 1);
```

Msahihishaji aliingiza bei nne: 600, 650, 700 na 650. Jumla ni 2600, wastani ni 650. Programu yangu ikatoa 520, kwa sababu iligawanya kwa tano. Jumla yenyewe ilitoka sawa kwa bahati tu: safu ya bei niliitangaza nje ya fanksheni zote, na C huijaza sifuri safu ya namna hiyo, kwa hiyo ile bei ya tano isiyokuwepo ilihesabiwa kuwa 0. Programu ya mwenzangu nayo ikatoa 520, kwa lupu ileile na mgawanyo uleule. Darasa zima, hakuna mwingine aliyetoa 520.

Tukaitwa. Nikaapa kwamba hatukukopi, na nilikuwa nasema kweli. Msahihishaji, kijana mtulivu, hakunipigia kelele. Aliuliza kitu kimoja: "Mlikaa pamoja?" Nikasema ndiyo, tulifanya diskasheni tu. Akafungua karatasi ya asaimenti, iliyoandikwa kwa Kiingereza kama karatasi zote za chuo, akatusomea kwamba kila mtu aandae suluhisho lake mwenyewe. Akasema, "Mngeniuliza kabla, ningewaambia boksi lile ndilo suluhisho." Asaimenti ilikuwa na alama 10 kati ya 40 za koswek. Tukaondoka na sifuri sisi wote wawili, na semista ile niliponea chupuchupu kula sapu.

Nimelifikiria boksi lile miaka mingi, na sasa nafanya kazi ileile aliyokuwa akifanya yule kijana: ni mkufunzi msaidizi, nasimamia maabara na kusahihisha asaimenti za programu. Kila semista napokea barua za wanafunzi wanaouliza wanaruhusiwa kusaidiana kiasi gani. Nyingi siwezi kuzijibu vizuri, na tatizo liko kwenye namna swali lilivyoulizwa. Ndiyo maana naandika makala hii.

Tuanze na neno lenyewe. Mwalimu akiandika kwamba majadiliano yanaruhusiwa, kichwani mwake anaona watu wawili wanaeleweshana wazo. Mwanafunzi akisoma hivyo anaona diskasheni, na diskasheni kwetu ni kitu kingine kabisa. Ni watu sita au wanane wamekaa kwenye darasa tupu saa tatu usiku, anayejua yuko ubaoni anaandika, wengine wanaandika anachoandika. Kwa kozi kama uchumi au maendeleo hakuna ubaya wowote, kwa kuwa mwisho wa yote ni mtihani na kila mtu ataukabili peke yake. Kwa asaimenti ya programu, kinachoandikwa ubaoni ndicho kinachokusanywa. Mwalimu na mwanafunzi wametumia neno moja, kila mmoja ameondoka na maana yake, na hakuna aliyedanganya. Neno "kusaidiana" lina shida hiyohiyo: mtu aliyenieleza maana ya lupu amenisaidia, na mtu aliyenitumia faili lake kwa WhatsApp naye amenisaidia.

Kwa hiyo barua inayouliza "Je, tunaruhusiwa kusaidiana?" haina jibu. Nikijibu ndiyo, nimeruhusu hata faili la WhatsApp. Nikijibu hapana, nimemzuia mtu asimwelezee mwenzake jambo ambalo mimi mwenyewe natamani wangelielezana. Nikijibu "ndiyo, lakini kila mtu aandike msimbo wake", nimerudia tu ile karatasi ya maelekezo, na mimi na mwenzangu wa chumba tulilitimiza sharti hilo neno kwa neno.

Mwaka wa pili tulipewa asaimenti ya jedwali la hashi, yaani jedwali linalogeuza jina la kitu kuwa namba ya nafasi kitakapokaa. Data ilikuwa orodha ya bei za mazao za mtindo wa soko la Kibaigwa, pale Kongwa kwenye barabara ya kwenda Morogoro: mahindi, mtama, uwele, alizeti, karanga, kila mstari ukiwa na jina la bidhaa, tarehe na bei. Programu ilitakiwa ihifadhi bidhaa kwenye jedwali na iitoe bei ya mwisho ya bidhaa yoyote bila kupitia orodha nzima. Jedwali tulijenge wenyewe, tusitumie lililo tayari. Muda ni wiki mbili.

Nilikuwa bado nina kidonda cha 520, nikaamua kuandika kwa mkufunzi msaidizi wa kozi ile. Rasimu ya kwanza ilikuwa mistari miwili. "Habari mwalimu. Samahani kwa usumbufu, naomba kujua kama kwenye asaimenti ya pili tunaweza kushirikiana na kwa kiasi gani." Niliisoma mara mbili nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa namtupia yeye kazi ya kufikiri. Yeye hajui sisi huwa tunafanya nini usiku hosteli. Mimi ndiye ninayejua.

Nikachukua daftari nikaandika kila tendo ambalo kweli ningelifanya, kwa mpangilio wa siku. Jumamosi tungechora ubaoni. Jumapili tungeandika hatua. Katikati ya wiki programu ingegoma na ningemwita mtu aje aangalie. Siku moja kabla ya kukusanya tungebadilishana data za majaribio tuone kama majibu yanalingana. Kumbe "ushirikiano" wangu wote ulikuwa matendo manne, na kila moja lingeweza kujibiwa ndiyo au hapana. Barua ikatoka hivi:

"Kichwa: Miundo ya Data, Asaimenti ya 2 (jedwali la hashi): mipaka ya kushirikiana

Habari za jioni, Mwalimu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, kundi lako la maabara la Jumatano mchana. Jina kamili na namba ya usajili viko chini ya barua. Naandika kuhusu Asaimenti ya 2, ambayo inakusanywa Ijumaa ya wiki ijayo.

Nimesoma karatasi ya maelekezo. Aya ya tatu inasema majadiliano yanaruhusiwa lakini msimbo uwe wa mtu mwenyewe. Kuna matendo manne ambayo sijui yako upande gani wa mpaka huo, naomba unielekeze kwa kila moja.

La kwanza, kuchora ubaoni na wenzangu jinsi bidhaa mbili zinavyoweza kugongana, yaani kuangukia nafasi moja, na namna ya kuziunganisha, bila kuandika msimbo. La pili, kuandika pamoja hatua za kuingiza na kutafuta bidhaa kwa maneno ya kawaida, mstari kwa mstari, kila mtu akaondoka na nakala. La tatu, programu yangu ikikwama, mwenzangu aangalie skrini yangu na kuniambia anahisi kosa liko wapi, bila kugusa kibodi. La nne, kubadilishana mafaili ya data ya majaribio na majibu tunayotarajia.

Mpaka leo tumefanya la kwanza tu, Jumamosi, mimi na wenzangu wawili. Hatujaandika msimbo wala hatua. Kama hata hilo lilikuwa kosa, naomba uniambie.

Naomba pia kujua kama tunapaswa kutaja juu ya faili majina ya tuliojadiliana nao. Nikisubiri jibu lako nitaendelea peke yangu.

Ahsante kwa muda wako, Mwalimu."

Barua ile ilifaa, na nikiwa sasa msomaji wa barua za aina hiyo naweza kueleza kwa nini.

Salamu na shida vimekuja pamoja. Kwenye simu tumezoea kutuma "Habari sir" na kusubiri "Nzuri" ndipo tuseme shida. Kwa mtu mwenye wanafunzi mia mbili, salamu peke yake inapotea, na siku mbili zinakwisha kabla swali halijafika. Salamu ya mstari mmoja yenye "Mwalimu" ndani yake inatosha na ina heshima kamili. Wakufunzi wasaidizi wengi wamemaliza shahada yao juzijuzi tu, hivyo shikamoo humkuta mtu wa rika lako na kumwacha ameduwaa kidogo, ingawa sijawahi kumwona aliyechukia. "Mambo vipi" ndiyo isiandikwe. Lugha, niliandika Kiswahili kwa sababu nilitaka niulize hasa ninachokimaanisha, na sikutaka tena neno moja libebe maana mbili. Ukimwandikia kwa Kiingereza, kama wengi wanavyofanya, matendo ni yaleyale.

Kuna pia ile sentensi ya "Mpaka leo tumefanya la kwanza tu". Mwanzoni niliiogopa, niliona kama najishtaki. Lakini swali linaloficha kilichokwisha kufanyika ni swali la mtego: mkufunzi anajibu kwa nia njema, kisha anagundua jibu lake limetumika kuhalalisha jambo la wiki iliyopita. Na sentensi ya kuendelea peke yangu ilimpa nafasi ya kujibu bila haraka. Ilinipa na mimi kanuni ya kufuata endapo angechelewa: usipojibiwa, shika tafsiri iliyo kali zaidi.

Jibu lilikuja siku ya pili asubuhi, fupi. La kwanza ruksa, na majina yatajwe. La nne ruksa, data si suluhisho, lakini msibadilishane msimbo wa kufanyia majaribio. La pili hapana. Nanukuu alichoandika, kwa sababu ndicho alichomaanisha yule kijana wa mwaka wa kwanza: "Hatua zikishaandikwa mstari kwa mstari, hiyo ni programu tayari, imebaki kutafsiriwa tu. Mkitoka hapo na nakala, nitasahihisha kazi moja mara tatu." Akashauri tukimaliza kujadili tufute ubao, mtu asiondoke na karatasi, tukae kidogo kabla ya kugusa kompyuta. Baadaye nilikuja kusoma kwamba vyuo kadhaa vya nje wameiandika kanuni hiyo rasmi: toka kwenye majadiliano mikono mitupu. Ukiweza kuliandika upya wazo kutoka kichwani, limekuwa lako.

La tatu ndilo alilolijibu kwa namna ambayo sikuitegemea. Alisema ruksa, ila kwa upande mmoja: mwenye shida ndiye aonyeshe skrini yake, na mwenye suluhisho asionyeshe ya kwake. Mwenzangu akiangalia programu yangu iliyokwama, anachoweza kunipa ni jicho lake. Mimi nikiangalia yake inayofanya kazi, nitaondoka na jibu hata nisipotaka, kwa kuwa macho hayafundishiki kusahau. Kanuni hiyo naitumia mpaka leo kwa wanafunzi wangu na sijaona iliyo rahisi kuishika kuliko hiyo.

Ilijaribiwa Jumatano iliyofuata. Programu yangu ilikuwa inafanya kazi vizuri nilipoipa bidhaa tatu nilizoziandika kwa mkono. Nilipoongeza sehemu ya kusoma faili lote kwanza, ikaanza kuanguka na kuandika `Segmentation fault (core dumped)`. Nilihangaika kuanzia saa mbili usiku hadi karibu saa sita. Nikamwita mwenzangu, yule yule wa 520, aje aangalie. Akasimama nyuma yangu mikono mfukoni, maana ilikuwa Julai na baridi ya Dodoma usiku haina mchezo. Nikamshushia skrini taratibu mpaka mstari huu, unaoomba kumbukumbu ya nafasi 97 za jedwali:

```c
Bidhaa **meza = malloc(97 * sizeof(Bidhaa *));
```

Hakusema badilisha hiki weka kile. Aliuliza: "Kabla hujaingiza mahindi ya kwanza, ndani ya `meza[12]` kuna nini?" Nikajibu hakuna kitu. Akauliza, "Nani amekwambia hakuna kitu?" Kisha akarudi kulala.

Nilikaa na swali hilo kama nusu saa, nikachapisha skrini kilichokuwa ndani ya nafasi zote 97 kabla ya kuingiza chochote. Nyingi zilikuwa tupu, kadhaa zilikuwa na namba za ajabu. `malloc` hukupa kipande cha kumbukumbu bila kukisafisha. Programu ikiwa ndiyo kwanza imeanza, kumbukumbu hiyo mara nyingi huwa na sifuri, ndiyo maana bidhaa zangu tatu zilipita salama. Nilipoanza kwa kusoma faili, nilipewa kipande ambacho kilikwisha kutumika na kurudishwa, kikiwa bado na mabaki. Programu ikakuta mabaki kwenye nafasi, ikadhani kuna bidhaa, ikaifuata anwani isiyo na kitu, ikaanguka. Tiba ni kutumia `calloc`, ambayo huanza kwa kujaza sifuri, au kupita nafasi zote na kuziweka `NULL`. Nilichagua ya pili kwa sababu ndiyo niliyoifikia mwenyewe. Ya mwenzangu, nilikuja kujua tulipokwisha kukusanya, ilitumia `calloc`. Angeniambia neno hilo moja ningeliandika, programu ingepona, na mimi ningebaki naamini kwamba kumbukumbu mpya siku zote ni tupu.

Juu ya faili niliandika hivi:

```c
/* Jumamosi: tulijadili migongano ubaoni, watu
   watatu, bila msimbo. Majina: [1], [2].
   Jumatano: [1] aliona skrini yangu, akauliza
   kuhusu malloc. Marekebisho ni yangu. */
```

Mistari minne. Wanafunzi wengi wanaogopa kuiandika, wanaona kama ni kukiri kosa. Niwaeleze inavyoonekana kutoka ninapokaa sasa.

Mafaili yakishakusanywa, tunayapitisha kwenye mfumo wa kupima mfanano. Ninaoutumia mimi unaitwa MOSS, ulianzishwa mwaka 1994 na Alex Aiken, na walimu wanautumia bure kupitia Chuo Kikuu cha Stanford. Kazi yake si kulinganisha herufi. Unaanza kwa kutupa visivyo na uzito, kama nafasi na majina ya vigeu, ili `jumla` na `total` viwe kitu kimoja. Kisha unaukatakata msimbo vipande vifupi vinavyopandana, kila kipande unakigeuza kuwa namba, na kati ya namba hizo unahifadhi chache kwa utaratibu maalumu, kama alama za vidole za faili. Mafaili mawili yakiwa na alama nyingi zinazolingana, yanapanda juu kwenye orodha pamoja na asilimia na mistari husika. Ndiyo maana anayekopi faili la mwenzake na kukesha anabadilisha majina ya vigeu amepoteza usingizi wake bure.

Lakini MOSS hausemi nani amekopi. Unasema tu hapa panafanana, mtu aangalie. Na mtu anayeangalia ni mimi, nimefungua mafaili mawili kushoto na kulia. Fanksheni fupi hufanana zenyewe. Kila mwaka nusu ya darasa huzidisha kwa 31 kwenye hashi, kwa kuwa vitabu vinaitumia na hata lugha ya Java inaitumia kuhashi maneno. Siwezi kumhukumu mtu kwa 31. Msimbo tuliowapa wenyewe tunauambia mfumo usiuhesabu. Ninachotafuta ni 520: kosa ambalo haliko kwenye kitabu chochote, limetokea mara mbili tu, kwa watu wawili wanaokaa chumba kimoja.

Nikilikuta, kitu cha kwanza ninachosoma ni mistari ya juu ya faili. Wote wawili wakiwa wameandika kwamba walijadili migongano ubaoni Jumamosi, na mfanano uko hapo hapo kwenye migongano, mara nyingi jambo linaishia hapo; labda nitawaita waje kila mmoja anieleze msimbo wake, basi. Mmoja akiwa ameandika na mwenzake hakuandika, nitauliza. Wote wakiwa wamenyamaza na mistari 60 inafanana pamoja na kosa lake, hapo sina la kuwatetea hata nikitaka. Na ikiwa kuna barua kwenye kisanduku changu inayoonyesha waliuliza, nikawajibu, na walichofanya ndicho nilichoruhusu, mzigo ni wangu mimi. Hilo limewahi kunitokea. Nilijibu kwa uzembe kwamba wanaweza kuandika hatua pamoja, nikiwa na maana ya hatua tatu nne za jumla, wao wakaandika hatua 22. Kazi zao zikatoka pacha. Sikuwakata alama, kwa kuwa barua ilikuwa yangu na tarehe ilikuwa kabla ya kukusanya.

Barua ya namna hii ina mipaka yake. Ruhusa ni ya asaimenti ile tu. Mradi wa mwisho wa semista unaweza kuwa na masharti mengine kabisa, na mkufunzi wa kozi ya jirani anaweza kukataza hata ubao. Mkufunzi msaidizi hana mamlaka ya kupindua kilichoandikwa na mhadhiri mwenye kozi, kwa hiyo jibu likipingana na karatasi ya maelekezo, mwombe kwa adabu amuulize mhadhiri, na weka nakala. Jibu la mdomo kwenye korido ya maabara ni jema, ila jioni mwandikie: "Mwalimu, leo mchana ulinielekeza hivi na hivi, naomba kuthibitisha kwamba nimekuelewa." Na ukiandika baada ya kukusanya, hiyo ni barua nyingine. Usiivalishe nguo za swali. Sema ulichofanya, na nani, siku gani, sehemu ipi ya msimbo. Nimepokea barua mbili za namna hiyo, zote zilikuja kabla sijaanza kusahihisha, na zote niliwapeleka wenyewe kwa mhadhiri wakiwa na barua yao mkononi. Wakapewa kazi mbadala ya kufanya maabara mbele yangu.

Jambo jingine ambalo ningependa wenye kozi walichukue: mwanafunzi mmoja akiuliza vizuri, jibu liwafikie wote. Yule mkufunzi wangu alifanya hivyo. Aliyaondoa majina yangu, akayabandika matendo manne na majibu yake kwenye tangazo la kozi siku hiyohiyo, na usiku ule madarasa yaliyokuwa na diskasheni yalikuwa na ubao uliofutwa.

Jumatatu hii nimepata barua ya msichana wa mwaka wa kwanza. Anauliza mambo matatu, na la tatu ni hili: yeye na mwenzake wa chumba wamepanga kuandika hatua za kutafuta wastani kwenye karatasi moja, kisha kila mtu akaandike programu yake. Nimemjibu hapana kwa karatasi, ndiyo kwa mazungumzo. Nikamwambia pia, kabla hawajaachana, kila mmoja achukue bei nne, azihesabu kwa vidole kuanzia 0, aone anafika wapi.